Zamu ya Gari la Kwenda Makere

Mimi ni mhudumu wa kituo cha afya. Nafagia, nachemsha vyombo, nafua mashuka yenye damu, na mama akija na uchungu kwenye zamu yangu namshika mkono. Shule niliishia darasa la nne. Lakini wasomi wanne, wenye vyeti vyao vya kutundika ukutani, waliwahi kuniambia: Bibi, tupangie wewe. Nikawapangia. Hilo naliandika kwanza kwa sababu najivunia, na sioni haya.

Kituo chetu kiko Makere. Nyumba yangu iko Kasulu mjini, kule juu karibu na mashine ya kukoboa. Watu huniuliza, wewe mama mzima na miaka yako hii, si ungehamia tu Makere ukapumzika na barabara? Ningehamia. Vyumba vya kupanga vipo na ni rahisi. Lakini nina mjukuu. Mama yake alinifia mikononi mtoto akiwa hajaota meno, nimemlea kwa ugali wa muhogo na kelele zangu, na mwaka huo ninaousimulia alikuwa kidato cha nne, shule ya kutwa pale mjini. Msichana ana kichwa. Kila muhula alikuwa anawaacha wavulana nyuma wakila vumbi. Kumhamisha shule mwaka wa mtihani ni kumvunja mguu. Kumwacha peke yake ndani ya nyumba, msichana wa miaka kumi na saba, mimi nilale Makere Jumatatu hadi Ijumaa? Nimezaa, najua. Kwa hiyo nililala kwangu, na kila alfajiri nikatafuta njia ya kufika kazini.

Wenzangu nao walikuwa na sababu zao. Nesi wetu mmoja, mama wa Tanga, mwenye maneno na mkono mwepesi wa sindano, mumewe ana kazi mjini. Yeye ana gari, Probox. Binti wa dirisha la dawa ni mtoto wa mwenye duka karibu na msikiti, anaishi kwa wazazi mpaka atakapoolewa. Mzee wa chanjo ni Muha mwenzangu, mtu wa Rungwe Mpya aliyejenga mjini, hasemi mpaka aulizwe. Wa tano alikuwa mtu wa maabara. Wa kwanza alihamishwa Kibondo akaondoka na gari lake, akaja kijana wa Morogoro, mrefu kama mti wa nguzo, na yeye bahati nzuri akaja na kigari chake cheusi.

Kabla sijashika zamu, safari yetu ilikuwa vurugu. Asubuhi kila mtu anampigia kila mtu. Huyu anasema niko njiani, kumbe anapiga mswaki. Yule anasema nipitieni, gari likifika kwake bado anakunywa chai, na anawakaribisha! Mafuta nayo: leo fulani katoa, kesho fulani kasahau chenji nyumbani, nesi anabaki na gari lenye taa nyekundu na moyo mwekundu. Siku moja alisimamisha gari katikati ya pori, akageuka nyuma.

"Nani alitoa hela ya mafuta juzi?"

Kila mtu akatafuta kitu cha kutazama dirishani.

"Basi mimi nimechoka. Kuanzia leo Bibi ndiye mwenye gari hili. Mimi dereva wake."

"Mimi sina hata baiskeli," nikamwambia.

"Ndiyo maana. Huna gari, huna pa kupendelea. Na ukifoka, kila mtu anasikia."

Wakacheka, mimi sikucheka. Nilipofika nyumbani nikamwambia mjukuu wangu anichoree mistari kwenye daftari.

Nilipanga hivi. Magari mawili, wiki kwa wiki: wiki hii Probox, wiki ijayo gari la maabara. Dereva anatoka kwake saa kumi na mbili kamili. Mimi nasimama kwenye mashine saa kumi na mbili na dakika tano. Binti wa dawa, mbele ya duka la baba yake, na dakika kumi na mbili. Nesi, au wa maabara kama si wiki yake, njia panda, na dakika kumi na nane. Mzee wa chanjo kituo cha mafuta cha kutokea mjini, na dakika ishirini na tano. Makere tunafika saa moja na robo, mtu anavaa koti lake, na saa moja na nusu aliyekesha anakabidhi zamu anakwenda kulala. Gari linasubiri dakika tatu kwa kila kituo. Ya nne linaondoka. Dereva hashiki simu akiwa barabarani, kwa hiyo usimpigie kumwambia unakuja.

Mafuta niliyapanga kwa akili ya jikoni. Nilimuuliza nesi, kwenda na kurudi gari linakunywa kiasi gani? Akasema lita sita, ukiliendesha kwa heshima. Wenye kulipa ni wanne, maana dereva wa wiki ametoa gari lake, matairi yake na macho yake, anatosha. Lita sita kwa watu wanne, kila mmoja lita moja na nusu. Na lita moja na nusu ni nini? Ni ile chupa kubwa ya maji! Basi nikasema: hapa hatuhesabu shilingi. Bei ya pampu inabadilika kila mwezi, tutagombana kila mwezi. Kila mtu anadaiwa chupa moja kwa siku. Ijumaa jioni tukirudi tunapita kwenye pampu, kila mtu anatoa bei ya chupa zake tano za wiki inayokuja, kwa bei ya siku hiyo, na gari linalopokea zamu linaletwa hapo na kujazwa lita thelathini. Ukiwa na dharura sema kabla ya saa mbili usiku, tutagawana sisi tuliobaki. Usiposema, chupa yako umeshailipa, kwa sababu gari halinywi kidogo eti wewe umelala.

Nauli ya basi ya kwenda na kurudi haikuwa mbali sana na bei ya chupa, nisiseme uongo. Lakini basi halina saa. Linaondoka likijaa.

Binti wa dawa akawa anapiga picha ukurasa wangu kila Jumapili na kuutuma kwenye kundi letu la simu. Mwandiko wangu ule, wa kuku aliyekanyaga majivu, wakausoma wote na hakuna aliyeucheka. Labda walicheka kwao.

Na wa kwanza kuachwa na gari nilikuwa mimi mwenyewe. Jogoo wangu alitoka bandani, nikamkimbiza, nikafika kwenye mashine saa kumi na mbili na dakika tisa. Taa nyekundu za Probox nikaziona zinaishia kwenye kona. Nikalipa bodaboda mpaka Makere, mgongo ukapata habari zake, na nilipoingia nesi akasema, "Bibi, chupa yako ya leo tumeinywa." Nikamwambia, "Na iwakae vizuri." Tangu siku hiyo hakuna aliyebishana na dakika tatu. Wasomi hawa waliona sheria imemng'ata aliyeitunga.

Sasa nieleze ile Jumatatu.

Lazima ujue kwanza kwamba mganga mfawidhi, yaani mkubwa wa kituo chetu, alikuwa ameshatuonya. Si mtu mbaya. Ni mtu wa mbali, amepangiwa huku, na yeye mwenyewe anaishi pale pale kituoni kwenye nyumba ya serikali. Mwezi wa sita, siku mbili mfululizo, tulikuwa tumechelewa. Moja pancha, nyingine ng'ombe wamejaa darajani. Akatuita wote watano.

"Wagonjwa hawajui pancha," alisema. "Aliyekesha usiku anastahili kuondoka kwa wakati wake. Mkichelewa tena kwa mambo ya gari, naandika barua. Kila mtu atahamia Makere, mwisho wa mwezi. Kanuni inaniruhusu."

Wenzangu walitazama chini. Mimi nilimtazama yeye, lakini nilichokuwa naona ni mjukuu wangu anajifungia mlango kwa ndani, peke yake.

Ijumaa iliyofuata tulijaza lita thelathini kwenye gari jeusi, ilikuwa zamu ya kijana wa maabara, wiki yake ya kwanza kabisa. Nilimpa maelekezo mpaka akaniuliza, "Bibi, na kupumua nipumue saa ngapi?" Nikamwambia apumue akishafika Makere.

Jumatatu nikasimama kwenye mashine. Mwezi wa saba, baridi ya milimani, unaitoa pumzi unaiona. Giza bado, maana huku kwetu jua la kiangazi huchelewa kuamka. Saa kumi na mbili na dakika tano, hakuna gari. Na dakika nane, hakuna. Nikapiga simu yake, ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena. Na tena.

Hapo ndipo nilipoona tundu kwenye ndoo yangu. Nilikuwa nimepanga abiria akichelewa afanyweje. Dereva akichelewa? Sikuandika neno. Utamwachaje dereva?

Binti wa dawa akapiga. "Bibi, shikamoo, gari limekwama?"

"Marahaba. Gari sijaliona."

"Yaani kabisa?"

"Mwanangu, nimesema sijaliona. Mpigie nesi."

Nesi alikuwa njia panda, ametimiza wakati wake kama askari. Nikasikia sauti yake ikipanda. "Gari langu liko nyumbani Bibi, lakini tangi kavu! Mafuta ya wiki yote yako kwenye tumbo la yule mrefu!" Ndivyo nilivyopanga mimi. Gari la akiba halikuwa na akiba.

Akarudi kwake mbio, akalitoa Probox kwa matone yaliyobaki tangini, akamchukua binti, akaja kunichukua mimi. Wakati tunateremka kuelekea kituo cha mafuta, simu ya binti ikalia mlio wa kundi. Akasoma kwa sauti.

"Anasema: Nimeamka Bibi, usiwe na wasiwasi."

Nesi akapiga usukani. "Ameamka! Sasa hivi ndiyo ameamka! Na tusiwe na wasiwasi!"

"Mpigie," nikasema.

Akapiga. Haipokelewi.

"Mwacheni," nesi akasema. "Atatukuta huko huko, na mimi nitamkuta."

Pale pampu mzee wa chanjo alikuwa amesimama ndani ya koti lake kama kigingi. Alitoa hela, mimi nikatoa, binti akatoa, kila mtu chupa yake kwa mara ya pili, na nesi safari hii akawa yeye ndiye dereva, hakulipa. Chupa tatu tu, lita nne na nusu. Nesi akasema zitatufikisha, kurudi tutajua baadaye. Tukatoka mjini saa moja kasorobo ikiwa imeshapita. Niliomba Mungu kwa Kiha, maana Kiswahili kilikuwa kimeniishia.

Katikati ya njia, basi la kwenda Kibondo likatupita kwa kasi na kutumwagia vumbi. Nilipoliona nikasema, "Yule mtoto atalikosa."

Yule mtoto ni nesi aliyekuwa amekesha. Kwao ni Kibondo, mama yake yuko kule, na asubuhi ile alikuwa anaanza mapumziko yake ya siku nne. Basi hilo ndilo lilikuwa lake. Likipita hilo, linalofuata ni la mchana, nalo hupita limejaa watu na magunia mpaka mlangoni.

Binti akasoma tena simu. Mara hii alisoma taratibu.

"Anasema: Niko kwenye mashine. Bibi hayupo. Dakika tatu zimeisha. Naondoka, samahani Bibi, sheria ni sheria."

Tukatazamana.

"Huyu amelewa?" nesi akauliza.

"Hanywi," nikasema.

Baada ya muda kidogo ikaja nyingine. "Anasema: Niko dukani. Binti hayupo. Naondoka." Kisha njia panda, nesi hayupo, anaondoka. Kisha kituo cha mafuta, mzee hayupo, anaondoka, na mwisho kabisa: "Leo mmelala wote? Chupa zenu nitazihesabu." Tukampigia, tukampigia. Hapokei, kwa sababu alikuwa barabarani, na mimi ndiye niliyemwambia dereva hashiki simu. Ujumbe alikuwa anaandika akiwa amesimama vituoni. Hakuna sheria yangu hata moja aliyoivunja kijana yule.

Makere tuliingia saa moja na dakika hamsini. Dakika ishirini tumechelewa. Nesi wa usiku alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, begi lake la safari miguuni, macho mekundu. Mganga mfawidhi amesimama mlangoni. Alitazama saa ya mkononi. Niliingia nikashika ufagio. Nilifagia chumba ambacho kilikuwa kimeshafagiwa.

Saa mbili na robo gari jeusi likaingia, taratibu, kwa heshima. Kijana akashuka, shati limenyooka, ananukia sabuni. Akatuona tumesimama kibarazani wote wanne.

"Aah! Mmepita wapi?" akasema. "Nimewahi dakika zangu kote! Na nyie mmefikaje kabla yangu?"

Nesi alikuwa na sindano mkononi, ilikuwa kwenye kifuniko chake lakini nilimshika kiwiko.

"Saa ngapi sasa hivi, baba?" nikamuuliza.

Akatoa simu. "Saa moja na robo. Kama ulivyoandika."

Mzee wa chanjo, ambaye tangu alfajiri alikuwa hajafungua mdomo, akasogea akaichukua ile simu, akaitazama mbele na nyuma.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Kitanga. Kulikuwa na harusi, nimealikwa na jirani yangu."

"Na simu ikawa inacheza saa?"

"Inacheza kweli! Mara inarudi nyuma saa nzima, mara inaruka mbele. Nikachoka, nikaingia kule ndani nikaizima isijirekebishe tena."

Mzee akacheka. Nimefanya naye kazi miaka mingi, siku hiyo nikayajua meno yake. "Kitanga iko mpakani, kijana. Simu inashika mnara wa Burundi, na Burundi wako nyuma yetu saa moja. Ukirudi huku inajirudisha yenyewe. Wewe umeizima wakati iko ng'ambo. Simu yako imehamia nchi nyingine."

Kijana akaitazama simu kama mtu anayetazama nyoka aliyelala naye. "Sasa simu zenu za alfajiri... niliona mmenipigia saa kumi na moja. Nikasema Bibi ananipima kama nimeamka."

"Na jua?" nesi akauliza. "Jua hukuliona liko juu?"

"Niliona. Nikafurahi. Nikasema leo kumekucha mapema kama kwetu Morogoro."

Hapo binti wa dawa akaangua kicheko, akajifunika mdomo na mtandio. Hata nesi alicheka, kwa hasira. Mimi sikuweza. Nyuma ya kijana nilimwona mganga mfawidhi anatuita kwa kidole. Wote. Na nesi wa usiku pia.

Ndani ya ofisi kulikuwa na karatasi nyeupe mezani na kalamu juu yake. Nilijua ni barua.

Kijana akaanza kabla hajaulizwa. "Daktari, kosa ni langu. Hawa wote walikuwa vituoni kwa wakati. Kama ni kuhama, nihame mimi. Sina familia hapa." Akaeleza habari za simu, mpaka mwisho, hakujitetea.

Mganga mfawidhi akanigeukia. "Nasikia zamu unaipanga wewe, Bibi. Nione."

Nikamtolea daftari kwenye kanga. Akalifungua, akasoma, akafungua ukurasa wa pili. Alisoma muda mrefu kuliko barua za wilayani.

"Abiria akichelewa, dakika tatu. Sawa. Dereva akichelewa?"

"Sikuandika."

"Kwa nini?"

"Sikuwaza. Nilidhani dereva ni kama jua." Kisha nikaona nimwage yote, bora mtu akunyonge ukiwa umesema kweli. "Kosa la kijana ni la simu. Kosa la mpango ni langu. Nilikausha gari la pili. Lakini daktari, ukinihamishia hapa, mjukuu wangu anabaki peke yake na mtihani uko mwezi wa kumi na moja. Sikuombi kwa sababu nina haki. Nakuomba kwa sababu sina."

Nesi wa usiku alikuwa ameegemea ukuta, amechoka mpaka midomo. Yeye ndiye aliyekosa basi, yeye ndiye aliyedaiwa usingizi. Kama angesema neno moja baya, lingetosha.

"Daktari," akasema, "mwenye haki ya kununa hapa ni mimi, au siyo?"

"Ni wewe."

"Basi sinuni. Kabla ya hili daftari mimi nilikuwa natoka saa mbili na nusu, siku nyingine saa tatu, na hakuna aliyekuwa ananiomba hata samahani. Tangu Bibi alishike, mara tatu tu nimechelewa kutoka. Nimezihesabu. Ukiwahamishia hapa wataandika barua za uhamisho wote. Tutabaki mimi na wewe, na wewe hujui kumzalisha mtu bila kupiga kelele."

Nesi wa Probox alikohoa kuficha kicheko. Mganga mfawidhi hakucheka, lakini kalamu aliisukuma pembeni. Akanirudishia daftari.

"Nawapa mwezi mmoja," akasema. "Hiyo nafasi uliyoiacha wazi, iandike sasa, hapa, nikiona."

Nikaandika hapo hapo, herufi kubwa kubwa. Dereva anapiga mlio kwa kila mtu saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Ikifika kamili na mlio haujasikika, hatuulizi kwa nini, gari la pili linatoka. Gari la pili halikauki: linakaa na lita sita siku zote, tumezichanga wote watano, na aliyesababisha zitumike ndiye anayezirudisha. Na saa yetu ni ya redio, si ya simu. Mwenye simu ailinganishe na redio Jumapili jioni, hasa kama ametembea mpakani. Mganga mfawidhi akasoma, akaongeza nukta moja mahali nilipoisahau.

Tulipotoka nje, kijana wa maabara alimfuata yule nesi wa usiku, akasimama mbele yake na urefu wake wote umekunjika.

"Dada, nikimaliza sampuli zangu saa sita, nitakupeleka Kibondo. Kwa mafuta yangu."

"Kwa saa ya wapi?" akamuuliza. "Ya hapa au ya Burundi?"

Alimpeleka. Aliomba ruhusa, akapewa. Yule nesi wa usiku alilala njia nzima, kijana alituambia, akaamka mlangoni kwa mama yake, na mama akamfungashia kijana mkungu wa ndizi akidhani ni mkwe. Sisi jioni tulirudi na Probox. Kabla ya kuondoka mchana, kijana alikuwa amewaambia watu wa bodaboda pale Makere wamletee nesi mafuta ya kurudia, kalipa yeye. Na Ijumaa iliyofuata akatoa chupa zetu tatu tulizolipa mara mbili, bila kukumbushwa, akasema bado tunamdai shukrani.

Mwezi ukapita. Mganga mfawidhi hakusema lolote, na mimi sikumuuliza. Ukapita wa pili. Gari la pili lilitoka mara moja tu, mtoto wa nesi alipokuwa na homa. Mlio haukusikika, kijana akawasha, na tulifika saa moja na dakika ishirini.

Nimewahi kusaidiwa na ndugu, nimesaidiwa na kanisa. Lakini watu hawa wanne hawakuwa ndugu zangu, mmoja Mtanga, mmoja Mluguru, mmoja mtoto wa Kiislamu ambaye baba yake alikuwa ananiuzia sukari, na yule mzee asiyesema. Kila mmoja alikuwa na njia yake ya kufika kazini bila mimi. Kijana angeweza kusema simu ni simu, kosa la mtandao. Yule aliyekesha angeweza kufumba macho yake yaliyochoka na kuacha barua iandikwe. Nawashukuru. Huwa nawataja mmoja mmoja ninapopiga magoti, na simwambii Mungu vyeo vyao.

Mtihani ulianza Jumatatu. Nilimwamsha mjukuu wangu mapema, nikampa uji wa mtama, nikamtazama anavyopanga kalamu zake mbili na rula kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwa ametulia kuliko mimi.

"Bibi, nenda," akasema. "Watakuacha."

"Unaogopa?"

"Hapana. Jioni utakuwepo?"

"Saa kumi na nusu. Ongeza dakika za kupanda mlima."

Nikamfunga kifungo cha juu cha shati ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Jioni nilipofika, alikuwa amekaa kizingitini na karatasi ya maswali kwenye mapaja, ananisubiri anionyeshe alichojibu. Sikuelewa hata swali moja. Nilikaa chini karibu naye, viatu bado miguuni, nikamwambia aanze na la kwanza.